"Ile hela tuma kwenye namba hii": meseji tunayoicheka na wasomi inaowanasa

Ninafanya uwakala wa pesa za simu hapa Moshi, jirani na soko la Mbuyuni, huu mwaka wa kumi na moja. Hakuna wiki inayopita bila mteja kunionyesha meseji ile ile tukaicheka pamoja: "Ile hela tuma kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo. Jina litakuja fulani." Watoto wa shule wanaijua kwa moyo. Kwa sababu tunaicheka, tumejiaminisha kwamba anayenaswa nayo ni mtu asiyejua kusoma, au mwenye tamaa, au mzee aliyenunuliwa simu juzi.

Lakini mimi nimewaona waliorudi dirishani kwangu midomo imekauka. Mmoja alikuwa muuguzi, mwingine mhasibu. Wa tatu ni mwalimu wa chuo mwenye shahada mbili, na kisa chake nakieleza hapa kwa ruhusa yake, bila jina.

Ilikuwa katikati ya Machi, masika yakinusa. Mwalimu alikuwa anaezeka nyumba yake upande wa Rau, kuta zimesimama, mbao zimepigwa, bati bado. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikesha hospitali na mama yake aliyelazwa. Asubuhi alisimamia mtihani. Saa saba mchana fundi akampigia: bati zimepatikana kwa bei nzuri, lakini mwenye duka anataka laki saba na themanini leo hii, la sivyo anampa mteja mwingine. Mwalimu akamjibu, "Natuma sasa hivi," akaja kwangu na pesa taslimu ili nimwekee kwenye laini yake.

Nilipokuwa nahesabu noti, simu yake ikalia. Meseji ndiyo hiyo hiyo ya siku zote. Akaisoma, akaguna, akaanza kuandika ile namba mpya.

Nikamwuliza, "Mwalimu, shikamoo tena, lakini huyo umempigia?"

"Marahaba. Namjua huyu, dada. Nimetoka kuongea naye sasa hivi."

Akatuma. Saa kumi fundi akapiga: "Mwalimu, naona kimya."

Dhana: meseji ya kijinga humnasa mjinga

Watu huniambia, "Hata haina jina langu wala kiasi, nani ataamini?" Ukweli ni kwamba nguvu yake iko hapo hapo. Tapeli hakumjua mwalimu. Hakujua fundi, wala bati, wala mama mgonjwa. Alituma maneno matupu kwa namba nyingi na kusubiri yamwangukie mtu ambaye, kwa dakika hizo, ana deni la kulipa na amemwahidi mtu.

Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba ametuma meseji elfu mbili mchana mmoja. Wengi wataifuta, baadhi watacheka na kuisambaza kwenye makundi. Sasa tuseme katika kila watu mia mbili yupo mmoja aliyekuwa anajiandaa kumtumia mtu pesa saa hiyo hiyo. Hao ni kumi. Wawili wakituma bila kupiga simu, tapeli amekula. Wale elfu moja mia tisa na zaidi waliocheka hawakumwonyesha akili yao, kwa sababu meseji haikuwa yao. Iliwakuta hawana "ile hela" yoyote kichwani.

Kwa hiyo anayecheka leo hajafaulu mtihani wowote. Mtihani haujamfikia. Utamfikia mwisho wa mwezi akiwa na kodi ya nyumba mkononi (kuna toleo linaloanza "mimi mwenye nyumba wako"), au Januari akihangaikia ada, au siku ya msiba anapokusanya michango ya jeneza na usafiri kwenda mlimani. Siku za msiba ndizo zinazoniogopesha zaidi. Namba ngeni ni nyingi, kila mtu anatuma kwa mtu asiyemfahamu vizuri, na kuuliza maswali kunaonekana kama ubahili.

Dhana: msomi angeona kwamba jina silo

Aliliona. Kabla ya kuweka namba ya siri, simu ilimwonyesha jina la mpokeaji, jina la mwanamke, na fundi wake ni mwanamume. Lakini meseji ilikuwa imeshamwambia litakuja jina gani. Hapa ndipo ufundi wa matapeli ulipo, na nasikitika kwamba unazungumzwa kidogo. Kinga kubwa tuliyo nayo kwenye muamala ni kulitazama jina na kushtuka likiwa geni. Meseji inakuondolea mshtuko huo mapema. Jina geni linapotokea kama ulivyoambiwa, moyo unatulia badala ya kushtuka, kana kwamba umehakiki.

Na jina lenyewe huenda ni la mama wa watu asiyejua lolote. Laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, lakini wapo wasajili wasio waaminifu waliokuwa wakimwambia mteja, "Kidole hakijasoma, weka tena," kumbe kidole cha pili kinasajili laini nyingine. Ndiyo maana nawaambia wateja wangu wapige *106# waone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao.

Nilipomwuliza mwalimu baadaye kuhusu jina lile, alinijibu jambo ambalo sijalisahau. Alisema alijieleza mwenyewe ndani ya sekunde mbili: ni mke wa fundi, au ni mhudumu wa duka la bati. Tapeli hakumwambia hata moja kati ya hayo. Mtu mwenye akili nyepesi ya kuunganisha mambo huziba mianya ya hadithi haraka kuliko mwenzake, na kwa kuwa maelezo yametoka kichwani mwake, anayaamini kama ushahidi. Elimu ilimsaidia kutunga sababu nzuri. Ya kusimama na kupiga simu ni tabia nyingine kabisa, na haifundishwi na shahada.

Dhana: anayezijua mbinu zao yuko salama

Wiki moja kabla ya siku hiyo, mwalimu alikuwa amemkanya mama yake kuhusu meseji hii hii. Alinieleza kwa uchungu, na mimi sikushangaa. Kuijua mbinu kulimpa hisia kwamba ni tatizo la wengine. Swali langu dirishani lilimgusa kama dharau kidogo, kama vile namfundisha anachokijua, ndiyo maana akajibu upesi.

Yuko mwanasaikolojia wa Marekani, Stephen Greenspan, aliyeandika kitabu kizima kuhusu wepesi wa watu kudanganyika. Kilitoka mwishoni mwa 2008. Desemba hiyo hiyo Bernard Madoff, tapeli mkubwa wa uwekezaji huko Marekani, akakamatwa, na Greenspan akagundua kwamba sehemu ya akiba yake ya uzeeni ilikuwa kwenye mfuko uliounganishwa na Madoff. Alipoeleza yaliyompata hakusema alikosa akili. Alitaja mambo manne yaliyokutana: mazingira, ufahamu wake wa jambo lenyewe, tabia yake, na hisia zake za wakati ule.

Nikiyaangalia ya mwalimu, naona mambo hayo hayo. Mazingira: muuzaji wa bati aliyetoa saa chache, na foleni nyuma yake. Hisia: kutolala, hofu ya mama, hofu ya mvua kuikuta nyumba wazi. Mwanauchumi George Loewenstein ameandika kwamba mtu akiwa ametulia hukosea kukadiria atakachofanya akiwa amepandwa na hofu, hasira au uchu. Tunajipima saa ya utulivu, tukiwa kwenye kochi tunacheka meseji, halafu tunaamini yule wa kwenye kochi ndiye atakayekuwa dirishani siku ya shida.

Dhana: akishaibiwa mara moja, amekoma

Saa kumi na nusu mwalimu alipiga huduma kwa wateja. Akaambiwa pesa imeshatolewa kwa wakala mwingine, dakika chache tu baada ya kuingia. Ikishatolewa hivyo, kuirudisha ni kazi kubwa mno. Ingekuwa bado iko kwenye akaunti ya mpokeaji, pangekuwa na nafasi ya kuizuia, ndiyo maana dakika za kwanza zina thamani kuliko saa zote zinazofuata.

Usiku akapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole aliyejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja, anayeshughulikia "pesa iliyokosewa". Akaombwa namba ya siri ili irudishwe. Alikaribia kuitaja. Huo ndio wakati ambao mtu ni dhaifu zaidi, kwa sababu sasa ana aibu, hajamwambia mkewe, na anataka jambo liishe kimya kimya kabla ya asubuhi. Kilichomwokoa ni mtoto aliyeingia chumbani, akalazimika kukata simu.

Alikaa wiki tatu bila kuripoti. Wasomi wengi hukaa kimya hivyo, na kimya chao kinalisha ile dhana ya kwanza, kwamba wanaoibiwa ni wajinga tu. Hatimaye alikuja kwangu tukaituma meseji ile kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha tukatuma na namba ya tapeli ilipoombwa. Laki saba na themanini haikurudi.

Tangu siku hiyo siwaulizi tena wateja kama wanamjua wanayemtumia. Kila mtu atasema anamjua. Nawauliza, "Katika meseji hiyo, ni kipi anachokijua yeye ambacho hukukiweka wewe?" Ukiisoma hivyo, "ile hela" inabaki tupu. Swali hili lina mpaka wake: kama tapeli ameiteka akaunti ya WhatsApp ya rafiki yako, atajua jina lako na hata mazungumzo yenu ya jana. Hapo dawa ni moja tu, kupiga simu ya kawaida kwa namba uliyoihifadhi zamani na kuisikia sauti. Usipige ile namba mpya, na usikubali kujibiwa kwa meseji.

Juzi mwalimu alikuja kumtumia fundi pesa ya dari. Hakukuwa na meseji yoyote ya ajabu. Alisimama pembeni ya dirisha akapiga, simu ikaita mpaka ikakata, watu nyuma yake wakaanza kuguna. Akapiga tena. Safari hii ilipokelewa, na mimi nilisikia nyundo kwanza, kisha sauti ikipiga kelele: "Niko juu huku, mwalimu, subiri nishuke!" Akasubiri.