Word inapozimika kwa kila hati: kutenganisha kiolezo cha Normal na programu jalizi

Word ikizimika unapofungua hati moja tu, mtuhumiwa wa kwanza ni hati hiyo. Ikizimika kwa kila hati, pamoja na hati tupu mpya, basi hati hazina hatia, na inafaa kutazama vitu vinavyopakiwa pamoja na Word kila inapowaka. Viwili ndivyo ninavyovikuta na hatia mara nyingi. Kimoja ni kiolezo kikuu kinachoitwa `Normal.dotm`, ambacho Word hukitegemea hata unapofungua hati iliyotengenezwa kwa kiolezo kingine. Cha pili ni programu jalizi, yaani vipande vya programu vya watengenezaji wengine vilivyojipachika ndani ya Word. Ugumu unaonisukuma kuandika ni kwamba viwili hivi huweza kushirikiana katika kosa moja, na anayetengeneza kimoja bila kukitazama kingine hurudi kwenye kompyuta ileile baada ya muda mfupi.

Kipimo cha kuanzia ni hali salama. Funga Word, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha andika:

```
winword /safe
```

Njia nyingine ni kushikilia kitufe cha Ctrl unapobofya ikoni ya Word, na kukubali swali linalojitokeza. Utajua umefika ukiona maneno `Safe Mode` kwenye ukanda wa juu wa dirisha. Katika hali hii Word haipakii programu jalizi, inaweka kando marekebisho yako mengi, na hairuhusu violezo kuhifadhiwa. Hati zikifunguka humo bila tatizo, umejifunza jambo moja muhimu: mwili wa Word wenyewe ni mzima. Hujajifunza zaidi ya hapo. Hali salama inaondoa watuhumiwa kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo haiwezi kukuambia ni yupi kati yao aliyekosa, wala si tiba ya kuifanyia kazi kila siku.

Nitaeleza kisa cha mhariri mmoja wa vitabu, kwa kuwa kinaonyesha vizuri mahali ambapo uchunguzi huu hupotea njia. Word yake ilifika kwenye ukurasa wa mwanzo, lakini alipochagua faili lolote dirisha lilitoweka papo hapo. Katika hali salama kila kitu kilifunguka, hata muswada wake mrefu kuliko yote. Hatua iliyofuata ilikuwa kukipa jina jingine kiolezo kikuu, jambo ambalo ni bora kuliko kukifuta, kwa kuwa ndani yake huwa mna mitindo, makro na njia za mkato za kibodi alizojiwekea mtumiaji. Kabla ya hapo ni lazima kuhakikisha kupitia Task Manager kwamba hakuna `WINWORD.EXE` iliyobaki nyuma ya pazia, maana Word iliyokufa nusu huendelea kulishikilia faili. Kisha, katika dirisha la Command Prompt:

```
cd /d "%appdata%\Microsoft\Templates"
ren Normal.dotm Normal-zamani.dotm
```

Word isipokikuta kiolezo hicho hujitengenezea kipya. Kama folda hiyo haina faili lenye jina hilo, mahali pa violezo pamehamishwa, na njia halisi inaonekana kwenye `File > Options > Advanced > File Locations`, katika mstari wa `User templates`.

Baada ya kubadili jina, Word ya mhariri ilifanya kazi vizuri siku nzima. Kesho yake asubuhi ilizimika tena kama mwanzo.

Hapa ndipo wengi hukata shauri la kuondoa Office nzima na kuisakinisha upya, na mara nyingi haisaidii, kwa sababu folda za mtumiaji hubaki zilivyo. Swali lililopaswa kuulizwa ni nani aliyekiharibu kiolezo kipya katika usiku mmoja. Nilitazama tarehe ya mabadiliko ya `Normal.dotm`, nikakuta saa iliyoandikwa ni ile aliyofunga Word jioni, ingawa hakuwa amebadilisha mtindo wala makro yoyote. Kwa hiyo kuna kitu kilichokuwa kikiandika ndani ya kiolezo wakati Word inafungwa. Nilikibadili tena jina kiolezo kilichoharibika, kisha kwenye `File > Options > Advanced`, katika sehemu ya `Save`, nikatia alama kwenye `Prompt before saving Normal template`. Mpangilio huu huifanya Word iulize kabla ya kuhifadhi mabadiliko katika kiolezo kikuu. Nilifungua hati, nikaifunga bila kuandika herufi, na Word ikauliza. Nikajibu hapana, ili kiolezo kibaki safi kwa jaribio linalofuata.

Tangu hapo swali lile likawa kipimo changu, na ni kipimo bora kuliko kusubiri Word izimike, kwa kuwa hutoa jibu kila inapofungwa. Nilikwenda `File > Options > Add-ins`, nikachagua `COM Add-ins` mbele ya neno `Manage`, nikabofya `Go`, nikaondoa alama zote, nikafunga Word na kuiwasha upya. Ikumbukwe kwamba programu jalizi iliyosakinishwa kwa ajili ya watumiaji wote wa kompyuta hukataa kuondolewa alama mpaka Word ifunguliwe kwa mamlaka ya msimamizi. Alama zote ziliondoka, lakini swali likaja tena.

Orodha hiyo haionyeshi kila kitu. Violezo vilivyowekwa katika folda ifuatayo hupakiwa na Word kila inapowaka, navyo vina orodha yao, inayopatikana kwa kuchagua `Templates` mbele ya `Manage`:

```
%appdata%\Microsoft\Word\STARTUP
```

Humo nilikuta faili mbili za `.dotm` za programu moja ya kupanga marejeo: ya toleo jipya, na ya toleo la zamani iliyosahaulika wakati wa kusasisha. Nilihamisha ile ya zamani peke yake na kuipeleka kwenye folda nyingine, nikawasha Word na kuifunga, na swali halikuja. Nikairudisha, swali likarudi. Jaribio hilo la kurudisha ni la lazima kwa maoni yangu, kwa kuwa bila hilo unabaki na dhana tu. Baada ya kuiondoa kabisa, niliwasha programu jalizi nyingine moja baada ya nyingine, nikifunga na kufungua Word kila mara, na hakuna iliyoleta shida.

Ikiwa Word inazimika hata katika hali salama, acha njia hii. Badilisha kwanza printa ya chaguo-msingi iwe `Microsoft Print to PDF`, kwa sababu Word huwasiliana na kiendeshi cha printa inapopanga kurasa, na hali salama haikiondoi kiendeshi hicho. Isiposaidia, fanya ukarabati wa Office kupitia mipangilio ya Windows, ukianza na `Quick Repair`, kisha `Online Repair`.

Kilichobaki kwa mhariri kilikuwa makro zake, zilizokuwa ndani ya `Normal-zamani.dotm`. Usirudishe faili hilo mahali pake. Fungua `Organizer` kutoka kwenye kichupo cha `Developer`, kupitia `Document Template`, ulifungue faili la zamani upande mmoja na jipya upande wa pili, kisha unakili mitindo na makro unazozitambua tu. Kila baada ya kunakili kundi dogo, funga Word na uifungue upya, ili kama kuna kipande kilichobeba uharibifu, ujue kilikuwa katika kundi gani.