Gari Linavuta Upande: Mchawi ni Tairi au Alaimenti?

"Nimefanya alaimenti mara mbili, bado gari linavuta kushoto. Nitajuaje kama ni tairi?"

Zibadilishane tairi za mbele: ya kushoto iende kulia, ya kulia ije kushoto, kila moja na rimu yake. Kisha rudi barabara ile ile, kwa mwendo ule ule. Likianza kuvuta kulia, mchawi ni tairi.

Chini ya kashata za tairi kuna mikanda ya waya za chuma. Ikikaa pembeni kidogo tairi linapotengenezwa, bega moja huwa gumu kuliko jingine, na tairi linabiringika kama glasi ya plastiki iliyolazwa sakafuni: linapinda kuelekea upande mwembamba. Kwa macho huoni kitu, na mashine ya alaimenti nayo haioni, maana inapima pembe za magurudumu tu.

Tuseme tairi la kushoto lina upande mwembamba nje. Linavuta kushoto. Ukilihamishia kulia, uso wa nje unabaki nje, kwa hiyo ule wembamba sasa unatazama kulia, na mvuto unageuka nao. Pembe za alaimenti hazihami na tairi. Ziko kwenye gari.

Kabla ya kushika jeki, jaza upepo sawa kulia na kushoto, tairi zikiwa za baridi, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Tafuta pia barabara iliyo tambarare. Huku kwetu tunakoendesha kushoto, lami nyingi huinamia kushoto ili maji ya mvua yatiririke, na hata gari lisilo na tatizo lolote litaelekea huko taratibu. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kali kuliko mwenzake, breki inang'ang'ania, na hapo anza na breki.

Jibu linalowachanganya wengi ni gari kunyooka kabisa baada ya kubadilisha. Maana yake kulikuwa na vivutaji viwili vya nguvu karibu sawa, tairi na kingine, pengine alaimenti au mwinamo wa barabara. Mwanzo vilivuta pamoja, sasa vinapingana. Unaweza kuendesha hivyo, ila ukinunua tairi mpya sehemu ya mvuto itarudi.

Tairi zenye mshale wa mzunguko ubavuni usizibadilishe hivi, maana zitazunguka kinyume. Badilishana ya mbele na ya nyuma upande ule ule, kama saizi ni moja.

Njia hiyo ya mbele na nyuma inafaa pia pale mvuto unapobaki kushoto hata baada ya kubadilisha za mbele, na vipimo vya alaimenti viko sawa. Kuna mvuto mwingine wa tairi, unaotokana na mlalo wa nyuzi za mikanda, ambao haugeuki ukihamisha tairi upande. Tairi za mbele zikienda nyuma gari likanyooka, ziache huko. Nyuma mvuto wake hausikiki sana kwenye usukani.