Kengele ya altareni hufuata mikono ya padri

Je, mtoto anayetumikia Misa anajuaje wakati wa kupiga kengele? Kuna mtu anamkonyeza?

Hakuna. Anatazama mikono ya padri. Wimbo wa Mtakatifu ukiisha, padri huendelea kusali na mikono ameifungua huku na huku. Kisha huikusanya na kuinyoosha juu ya mkate na divai, viganja vikitazama chini. Hapo ndipo kengele ya kwanza hulia. Italia tena akiinua Hostia, na tena akiinua kikombe; kupiga mara moja au mara tatu ni desturi ya mahali.

Kazi iko kwenye muda. Katika Sala ya Ekaristi ya Pili, padri hata hajasema sana, mikono iko juu ya vipaji. Ile ya Kwanza ni ndefu, ina majina ya mitume na mashahidi, na mtoto wa miaka tisa husinzia akingoja. Ndiyo maana sisi walezi hatuwafundishi kuhesabu. Jumamosi, kanisa likiwa tupu, nasimama mbele yao na kuigiza ile mikono bila kusema neno, mara upesi, mara nikichelewa makusudi. Nilikuwa na mtoto mmoja aliyechelewa kila Jumapili. Kumbe alikuwa akipiga magoti anainamisha kichwa na kufumba macho, kwa ibada kabisa! Nikamwambia: kichwa juu mpaka kengele ya kwanza ilie. Hakuchelewa tena.

Macho hayohayo ndiyo yanayohitajika wakati wa vipaji. Wawili hupeleka vichupa, cha divai kwanza kisha cha maji, vishikio vikielekea kwa padri. Akisogea pembeni mwa altare, wanamfuata na maji, bakuli na taulo ya kunawia.

Kanzu iishie juu kidogo ya kifundo cha mguu. Ikiburuta, mtoto ataikanyaga anapoinuka kutoka kupiga magoti, na kama ameshika mshumaa, mnajua kitakachofuata. Mzazi, shona pindo pana ulifumue anapokua. Viatu visiwe vya kupiga kelele sakafuni.

Jambo jingine ni njaa. Wengi huwanyima watoto chai asubuhi wakidhani mfungo huanza usiku. Kanisa linadai saa moja tu kabla ya kupokea Komunyo, na maji na dawa havivunji mfungo. Kwa Misa ya saa 3, uji wa saa 1:30 hauna shida. Mtoto mwenye tumbo tupu, amesimama karibu na moshi wa ubani, huanguka.

Na tafadhali usikae benchi la mbele ukimwashiria. Atakutazama wewe, na mikono ya padri itampita.