Kwa nini Amani kuna mvua kuliko Lushoto, na Mkomazi kunabaki kukavu

Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, Lushoto iko kama mita 1,400. Tumezoea kuambiwa kwamba mvua iko mlimani, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka Lushoto ingestahili kuizidi Amani. Vipimo vinasema kinyume. Amani, kwenye Usambara Mashariki, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Lushoto, kwenye Usambara Magharibi, huzidi 1,000 kidogo tu. Ukivuka milima yote na kuteremka hadi Mkomazi, kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi, unakuta miba, mibuyu na udongo mwekundu uliopasuka, na mbele yake Same hupata milimita 500 na kitu. Tanga mjini, palepale baharini, hupata kama 1,300.

Kazi yangu ni kupima mvua, na kwa miaka mingi nimepanda na kushuka milima hii nikisoma vipimamvua saa tatu asubuhi. Swali ninaloulizwa zaidi ni la watu wa bondeni: kwa nini tunaona mawingu meusi yamekaa pale juu, siku nzima, lakini hayashuki? Mama mmoja wa Bumbuli, mkulima wa chai, aliwahi kuniambia habari za dada yake aliyeolewa Mkomazi. Akaniuliza, "Mwanangu, mlima mmoja huu huu, kwa nini mimi naanua nguo kila siku na mdogo wangu anachota maji kwa punda?"

Jibu ambalo wengi wanalo ni kwamba mlima unayazuia mawingu, kama ukuta. Naomba tuliache jibu hilo. Mawingu mengi unayoyaona juu ya Usambara hayakutoka baharini yakiwa mawingu. Yametengenezwa pale pale mlimani, na yanapofika upande wa pili yanafutika pale pale. Kinachosafiri ni hewa. Wingu ni alama tu ya mahali hewa hiyo ilipofikia katika safari yake.

Tuifuate hewa hiyo basi, siku moja ya kusi, upepo ukitoka baharini. Tuseme pale Tanga ina joto la nyuzi 28. Ndani yake mna mvuke, maji yasiyoonekana, kama gramu 18 katika kila kilo ya hewa. Kiasi hicho cha mvuke kingeanza kugeuka umande kama hewa ingepoa hadi nyuzi 23. Kwa hiyo inahitaji kupoa nyuzi 5 tu. Pwani haipoi, na jua linawaka kama kawaida.

Ikifika kwenye miteremko ya Muheza hewa haina pa kupita ila kupanda. Na hewa inayopanda hupoa, si kwa sababu huko juu kuna baridi ya kuigusa, bali kwa sababu inatanuka. Ukijaza upepo baiskeli, pampu hupata moto mkononi, kwa kuwa umeibana hewa. Ukiachia upepo wa tairi, unatoka wa baridi. Ni jambo hilohilo. Juu mgandamizo ni mdogo, hewa inatanuka, na katika kutanuka inapoteza joto, kama nyuzi 10 kwa kila kilomita moja ya kupanda. Kadiri inavyotanuka, kile kiwango cha umande nacho kinashuka kidogo, kwa hiyo hizo nyuzi 5 za tofauti zinaisha baada ya kupanda kama mita 625. Hapo ndipo tumbo la wingu linapokaa. Siku nyingi za kusi ukisimama Muheza ukitazama juu, utaona mawingu yamekatwa chini sawasawa kama yamekatwa kwa kisu. Mstari huo ndio ninaousema.

Sasa utaona kwa nini Amani imelowa. Mita 900 ni juu ya mstari huo. Amani haiko chini ya wingu, iko ndani ya wingu. Na Usambara Mashariki ndiyo mlima wa kwanza kukutana na hewa kutoka baharini, kabla haijapunguziwa chochote. Ndiyo maana chai na iliki zimestawi huko, na ndiyo maana miti ya msitu wa Amani imevaa ndevu za kijani zinazodondosha maji hata asubuhi ambayo kipimamvua hakina kitu. Matone madogo ya ukungu hunaswa na majani, yakaungana, yakadondoka. Maji hayo yanaingia udongoni kama mvua nyingine yoyote, ila chombo chetu kilicho wazi uwanjani hakiyaoni.

Kutoka Amani hewa inateremka kwenye bonde la Lwengera, ambalo tayari ni kakavu kuliko milima iliyo pande zake mbili, kisha inapanda tena Usambara Magharibi. Upande wa Bumbuli na Mazumbai, unaotazama kusini-mashariki, unapata sehemu nzuri. Lushoto iko nyuma zaidi, baada ya vilele vingine, na inapata kinachobaki. Urefu wa mahali ni kitu kimoja, nafasi yake katika foleni ni kitu kingine, na hapa foleni ndiyo inayoamua.

Wanamaji wa pwani wana maneno mawili ambayo wanajiografia wangefaa kuyaazima: joshini, upande upepo unakotokea, na demani, upande unakokwenda. Amani iko joshini. Mkomazi iko demani. Mambo ya demani ndiyo yasiyoeleweka vizuri, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Ndani ya wingu hewa inaendelea kupanda, lakini sasa inapoa polepole, chini ya nyuzi 5 kwa kilomita badala ya 10. Sababu ni kwamba mvuke unapogeuka matone hurudisha joto lililotumika kuyageuza maji ya bahari kuwa mvuke. Kwa hiyo hewa yetu ikifika kwenye mgongo wa mlima, tuseme mita 2,000, ina kama nyuzi 15. Imebaki na mvuke wa gramu 14 hivi kwa kilo. Tuchukulie zile gramu 4 zilizopungua zimenyesha zote upande wa joshini.

Kisha inateremka kuelekea Mkomazi, iliyo kama mita 450. Ikishuka inabanwa, na ikibanwa inapata moto, kama ile pampu. Wingu limeshaacha maji yake nyuma, hakuna matone ya kukausha, kwa hiyo joto linapanda kwa nyuzi 10 kamili kila kilomita. Ikifika chini ina nyuzi 31. Bila mlima, hewa hiyohiyo kwenye mwinuko huo ingekuwa na nyuzi 24 hivi. Unyevu wake, ambao Tanga ulikuwa karibu robo tatu ya kiasi cha juu kabisa ambacho hewa inaweza kubeba, sasa uko chini ya nusu.

Tazama vizuri hizo gramu. Hewa iliyofika Mkomazi bado ina gramu 14 kati ya 18. Haikukaushwa kama nguo iliyokamuliwa. Sehemu kubwa ya maji yake bado inayo, ipo juu ya vichwa vya watu wanaochota kwa punda. Kinachowanyima mvua si ule upungufu wa gramu 4 pekee, ni kwamba hewa inashuka, na hewa inayoshuka inapata moto, na hewa inayopata moto haitoi tone. Hata wingu linalomwagikia upande wa pili wa mgongo hukauka likiwa bado hewani. Mawingu hayakuzuiwa. Yameyeyuka.

Hesabu hii ni ya siku iliyonyooka, na siku za kweli hazinyooki hivyo. Si matone yote hunyesha, mengine huvuka mgongo na kukauka upande wa pili, kwa hiyo joto la demani huwa dogo kuliko nilivyoandika. Na wakati wa masika mambo hubadilika kabisa. Mwezi wa Aprili hewa hupanda yenyewe kwa joto la ardhi, mawingu ya radi yanasimama popote, na Mkomazi nayo inanyeshewa. Kivuli cha mvua, yaani ule ukavu wa demani, hukolea zaidi Juni hadi Agosti, kusi inapovuma kwa utulivu na hewa haina hamu ya kupanda isiposukumwa na mlima. Ukitaka kuona tofauti kati ya pande mbili, linganisha miezi hiyo, usilinganishe Aprili.

Kivuli pia hufuata upepo kama kivuli cha kawaida kinavyofuata jua. Kuanzia Novemba au Desemba kaskazi ikishika, nyanda za kaskazini mwa milima, kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, ndizo zinazotazama upepo. Mtu angetegemea zinyeshewe. Lakini kaskazi huja na unyevu mchache kuliko kusi, kwa hiyo zamu yao ikifika, kuna kidogo cha kugawana.

Na mlima ukiwa mrefu mno, hewa haivuki, inazunguka. Kilimanjaro ni hivyo. Mteremko wa kusini hupata mvua nyingi kuliko pengine pote kwenye mita 2,200 hivi, ndani ya ukanda wa msitu, na kutoka hapo kwenda juu mvua inapungua hadi kileleni ambako ni jangwa la mawe na barafu. Nyuma yake, kaskazini, ndiko iliko Amboseli yenye vumbi.

Hapo nina kosa langu la kueleza. Miaka yangu ya mwanzo niliweka kipimamvua kwenye mgongo wazi wa mlima, na kingine mita 200 chini yake, kwenye uwazi uliozungukwa na miti. Cha juu kilisoma kidogo mwezi baada ya mwezi, nami nikaandika kwamba mvua inapungua kuanzia hapo, nikidhani nimeona jambo lile la Kilimanjaro. Haikuwa hivyo. Siku moja nilisimama kando ya chombo mvua ikinyesha, nikaona matone yanapita juu ya mdomo wake yakiwa yamelala, yanakwenda na upepo. Nyasi zilikuwa zimeloa chapa, chombo kina maji ya kufunika kitako tu. Nilikihamishia nyuma ya kichaka, na tofauti ile ikapungua sana. Tangu hapo, kila takwimu ya mvua ya kileleni nikiletewa, nauliza kwanza chombo kimekaa wapi.

Ukisafiri kwa basi kutoka Segera kwenda Same, kaa dirisha la kulia. Kuanzia Mombo milima itakuwa upande wako, na wewe utakuwa kwenye mikonge na vumbi. Siku ya Julai utaona utepe mweupe umelala juu ya mgongo, na ncha zake zinaning'inia kidogo upande wako. Chagua ncha moja uitazame kwa dakika tano. Utepe hautasogea, lakini ile ncha itashuka, itachanika, itakuwa nyembamba, halafu hutaiona tena, na nyingine itakuwa imeshachukua nafasi yake.