Mtoto analia kila jioni: tunachoamini kuhusu koliki, na kinachoonekana kwa mtoto mwenyewe

Katika wiki za mwanzo mtoto alinyonya, akalala, na nyumba ikatulia. Kisha, kuanzia wiki ya pili au ya tatu, jua likikaribia kuzama anaanza kulia. Uso unakuwa mwekundu, ngumi zinakunjwa, magoti yanapanda tumboni, na hakuna kinachomtuliza kwa zaidi ya dakika chache. Kesho yake saa ileile, tena. Hiyo ndiyo sura ya koliki: kilio kirefu kinachojirudia, kisicho na sababu inayoonekana, kwa mtoto ambaye kwa mambo mengine yote ni mzima. Kinazidi hadi kufikia kilele karibu wiki ya 6, kisha kinapungua, na kwa wengi kinaisha kati ya miezi 3 na 4. Aliyezaliwa kabla ya wakati huhesabiwa tangu tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, kwa hiyo kilele chake huchelewa.

Kanuni ya zamani, iliyotolewa mwaka 1954, ilisema ni koliki ikiwa mtoto analia saa 3 kwa siku, siku 3 kwa wiki, kwa wiki 3. Vigezo vya kitaalamu vya mwaka 2016 viliiacha hesabu hiyo kwa matumizi ya kliniki, na vizuri vikafanya hivyo. Mama hapaswi kusubiri wiki tatu akiwa na saa mkononi ndipo asikilizwe.

Dhana: Ni gesi. Tumbo linamsokota.

Dhana hii ina mizizi mirefu kwa sababu macho yanaiunga mkono. Mtoto anajikunja, tumbo ni gumu, anajamba, na baada ya kujamba anaonekana kupata nafuu. Lakini mtoto mchanga anayelia kwa nguvu kwa sababu yoyote ile hukaza misuli ya tumbo na kukunja miguu, hata akichomwa sindano ya chanjo. Na kila anapovuta pumzi katikati ya kilio humeza hewa. Kwa hiyo gesi nyingi unayoiona saa 3 usiku mara nyingi imeletwa na kilio, haikukileta.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye dawa. Matone ya simethikoni, ambayo kazi yake ni kuvunja mapovu ya gesi, yalipolinganishwa na matone yasiyo na dawa ndani yake, hayakupunguza kilio zaidi. Kama gesi ingekuwa ndiyo chanzo, hapo tungeona tofauti. Kumbeulisha mtoto baada ya kunyonya si vibaya, fanya tu, ila usitarajie kwamba ukipata mbeuo mkubwa jioni itapita kimya.

Dhana: Maziwa ya mama hayamtoshi, ndiyo maana analia jioni.

Jioni watoto wengi hutaka kunyonya mara kwa mara, na matiti huhisi laini kuliko asubuhi. Mama akiunganisha hayo mawili anaamua kwamba maziwa yamekwisha. Kilio si kipimo cha maziwa. Vipimo ni viwili: uzito na mkojo. Mtoto wa miezi hii ya mwanzo anayeongezeka takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki, na anayelowesha nepi 6 au zaidi kwa siku baada ya wiki ya kwanza, anapata chakula chake hata kama analia jioni nzima. Kama uzito umesimama au nepi ni kavu, hapo hatuzungumzii koliki tena, tunazungumzia ulishaji, na mtoto anatakiwa aonwe pamoja na namna anavyoshika titi.

Kubadilisha maziwa ya kopo kila wiki kwa sababu ya kilio pekee nako hakusaidii. Hali moja inayostahili kufikiriwa ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe, na yenyewe haiji na kilio peke yake: huambatana na michirizi ya damu au ute kwenye kinyesi, kutapika sana, ukurutu wa ngozi, au uzito kutopanda. Ikishukiwa, mama anayenyonyesha huambiwa na daktari aache maziwa ya ng'ombe na vyote vitokanavyo nayo kwa wiki 2 hadi 4, kisha avirudishe na kuona kama dalili zinarudi. Hatua hiyo ya kurudisha ndiyo watu huiruka, na bila hiyo hujui kama ni chakula kilichosaidia au ni umri.

Dhana: Lazima kuna dawa ya kumnywesha.

Hapa ndipo madhara yanapoingia. Asali, hata ya kuonjesha tu, haipewi mtoto chini ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayopooza misuli hadi ya kupumua. Disiklomini, dawa ya kulegeza utumbo ambayo zamani iliandikwa kwa koliki, imekatazwa kwa watoto chini ya miezi 6 baada ya baadhi yao kupata shida ya kupumua. Chai za mitishamba na maji ya kutuliza tumbo hujaza tumbo dogo na kuchukua nafasi ya maziwa, na usichojua ni kilichomo na kwa kiasi gani. Dawa za kupunguza asidi hazipunguzi kilio cha mtoto ambaye hana dalili nyingine.

Kinachofanya tiba hizi zote zisifiwe ni kalenda. Familia hujaribu moja baada ya nyingine kuanzia wiki ya 4, na ile iliyokuwa mkononi koliki ilipokuwa ikiisha yenyewe ndiyo inayopewa sifa.

Dhana: Ukimbeba kila akilia utamdekeza.

Mtoto wa wiki sita hana uwezo wa kupanga kilio ili abebwe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1986, watoto wa kawaida waliobebwa zaidi kila siku, hata wakati hawalii, walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofika wiki ya 6 kuliko wenzao. Baadaye jaribio hilo lilipofanywa kwa watoto ambao tayari walikuwa na koliki, nafuu hiyo haikuonekana. Nalisema hili wazi kwa sababu wazazi wengi hubeba mtoto saa mbili mfululizo, anaendelea kulia, nao wanajiona wameshindwa. Hamjashindwa. Kumbeba kunamfariji, ila hakuzimi koliki.

Yapo ya kujaribu, moja baada ya jingine, na kila moja ulipe dakika kama tano kabla ya kubadilisha, maana kubadilisha haraka haraka humchosha zaidi. Punguza mwanga na watu. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako wa mbele, kichwa karibu na kiwiko, ukitembea naye. Akilala usingizi, mgeuze chali kitandani. Mpe titi, au kitu cha kufyonza. Mvurumo wa sauti moja, kama wa feni, huwatuliza baadhi. Chombo kiwe mbali naye na sauti iwe ya chini. Ukimfunga nguo mwilini, nyonga na miguu viweze kukunjuka, alale chali, na uache kabisa akianza kujaribu kujigeuza.

Kuna mpangilio mmoja unaostahili kujulikana. Watafiti wa Japani mwaka 2022 waliona kwamba kutembea na mtoto anayelia kwa dakika 5 bila kusimama kulituliza wengi, na kwamba waliolazwa mara tu baada ya kusinzia waliamka haraka. Pendekezo lao ni kuketi ukiwa umempakata kwa dakika 5 hadi 8 nyingine ndipo umlaze. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini kujaribu hakuna hasara.

Na ukihisi hasira inapanda, mlaze chali kitandani pake pasipo mito, funga mlango, kaa mbali dakika 5 hadi 10. Kulia kwa dakika hizo hakumdhuru. Kumtikisa kunaweza kuvujisha damu kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Pia usiketi naye kwenye sofa ukiwa umechoka kiasi cha kusinzia. Mpe mtu mwingine, au mrudishe kitandani.

Dhana: Akishaambiwa ana koliki, kila kilio ni koliki.

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu mzazi aliyezoea kilio huacha kukichunguza. Koliki ina ratiba na sauti yake. Kinachovunja ratiba hiyo kitazamwe upya.

Chukua mtoto wa kiume wa wiki 6, aliyezaliwa kabla ya wakati, anayelia kila siku kuanzia saa 12 jioni hadi saa 3 usiku. Kati ya vilio ananyonya vizuri na uzito unapanda. Leo ameanza saa 5 asubuhi. Kilio ni kikali, hakina mapumziko, na titi analolipenda analisukuma. Usianze na mbinu za jioni. Mvue nguo zote, hata nepi na soksi, kwenye mwanga mzuri. Gusa utosi: umevimba na kukaza hata akitulia? Tazama macho: moja ni jekundu, halifunguki? Kagua kila kidole cha mkono na mguu, maana unywele uliojizungusha hukaza kama uzi na kidole huvimba na kuwa chekundu. Kisha kinena na korodani. Kwa mtoto huyu, kinena cha kulia kina uvimbe mgumu ambao haukuwapo jana, naye akiguswa hapo hupiga kelele. Ni ngiri iliyokwama: kipande cha utumbo kimeshikwa, na damu inaweza kukatika ndani ya saa chache. Usiubonyeze kujaribu kuurudisha, usimnyonyeshe tena kwa kuwa huenda akapasuliwa, nenda hospitali sasa hivi.

Safari ni hiyohiyo, bila kungoja asubuhi, kwa matapishi ya kijani, kwa kinyesi chenye damu, kwa degedege, kwa kupumua kwa shida, na kwa mtoto aliyelegea au anayekataa kunyonya kabisa. Kwa aliye chini ya miezi 2, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi, au chini ya 35.5, linatosha lenyewe, hata kama analia kama kawaida yake. Na usimpe kwanza dawa ya kushusha homa ili uone. Atafika hospitali dalili ikiwa imefichwa. Matapishi yanayoruka kwa nguvu kila baada ya kunyonya, huku mtoto akitaka kunyonya tena papo hapo na uzito ukishuka, kwa kawaida kati ya wiki ya 3 na ya 6, huashiria kwamba mlango wa kutokea tumboni umebanwa, na dawa yake ni upasuaji.

Umri nao ni dalili. Mtoto aliyekuwa mtulivu, akafika miezi 5 au 6 ndipo akaanza kulia kwa vipindi, huyo koliki imempita. Akijikunja na kulia dakika chache, akapauka, akalegea, kisha baada ya robo saa hivi akarudia, fikiria utumbo ulioingia ndani ya utumbo. Kati ya vipindi huonekana ametulia, na utulivu huo ndio unaowachelewesha watu nyumbani. Kinyesi chenye damu na ute huja baadaye, usikisubiri.