Pubbakiriyā: vitenzi vya Kipali vinavyotangulia kitenzi kikuu

Katika hotuba ya 26 ya mkusanyiko uitwao Majjhima Nikāya, Budha anafika kwenye makao ya Bramini Rammaka na kukuta watawa wamo ndani wanazungumza. Haingii. Anasimama nje ya mlango akingoja wamalize, kisha inakuja sentensi hii ya Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibudha:

*Atha kho bhagavā kathāpariyosānaṃ viditvā ukkāsitvā aggaḷaṃ ākoṭesi.*

Yaani: ndipo Mtukufu, alipokwisha kujua kuwa mazungumzo yamefika mwisho, akakohoa, akagonga komeo. (Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini mgeni mstaarabu hukohoa kabla ya kubisha.)

Vitendo ni vitatu, lakini kitenzi kamili ni kimoja tu, cha mwisho: *ākoṭesi*, "aligonga". Hicho ndicho kinachobeba wakati uliopita, nafsi ya tatu na umoja. *Viditvā* na *ukkāsitvā* havina nafsi, idadi wala wakati wao wenyewe. Mwisho wao wa *-tvā* unasema jambo moja tu: kitendo hiki kilitangulia kile cha kitenzi kikuu. Wanasarufi wa Kipali huita umbo hili *pubbakiriyā*, maana yake kitendo cha kutangulia. Wataalamu wa Ulaya huliita absolutivu, na wengine jerandi.

Msomaji wa Kiswahili ana faida na hasara hapa. Faida ni kwamba naye amezoea kuvua vitenzi nafsi na wakati: tunasema "aliingia na kuketi", na "kuketi" inaazima kila kitu kutoka kwa "aliingia". Hasara ni kwamba mpangilio umegeuka. Kwetu kitenzi kamili hutangulia na vile vitupu vikafuata. Katika simulizi ya Kipali vitupu kwa kawaida ndivyo vinavyotangulia, na msomaji hana budi kusubiri hadi mwisho ajue ni nani aliyetenda, na lini. Kwa hiyo unapokutana na mnyororo mrefu wa vitenzi hivi, tafuta kwanza kitenzi cha mwisho, halafu rudi mwanzo na usome kwa utaratibu.

Tazama tukio lililotangulia kidogo katika hotuba hiyohiyo. Budha na mwanafunzi wake Ananda wanakwenda mahali paitwapo Pubbakoṭṭhaka *gattāni parisiñcituṃ*, "ili kuoga". Mwisho wa *-tuṃ* unaonyesha nia. Kuoga bado hakujatokea. Kisha:

*Pubbakoṭṭhake gattāni parisiñcitvā paccuttaritvā ekacīvaro aṭṭhāsi gattāni pubbāpayamāno.*

Kitenzi kikuu ni *aṭṭhāsi*, "alisimama". Kabla yake kuna *parisiñcitvā*, "akiisha kuoga", na *paccuttaritvā*, "akiisha kutoka majini". Baada yake kuna *pubbāpayamāno*, ambalo si la kundi hili. Mwisho wa *-māna* ni wa kitendo kinachoendelea sambamba: alisimama akiwa na vazi moja, huku akikausha mwili. Katika sentensi mbili zinazofuatana, kitenzi kilekile cha kuoga kimepita kutoka nia (*-tuṃ*) hadi jambo lililokwisha (*-tvā*), na mwishoni kukausha mwili kukaingizwa kama jambo la wakati uleule wa kusimama. Ratiba nzima imo katika miisho.

Isipokuwa jambo moja. *Parisiñcitvā* na *paccuttaritvā* yana mwisho uleule, na mwisho huo unayaweka yote mawili kabla ya kusimama tu. Haukuambii lipi kati yao lilikuja kwanza. Hilo unalijua kwa nafasi ya maneno katika sentensi, na kwa akili ya kawaida: mtu hatoki majini kabla ya kuoga.

Sharti kubwa la mnyororo ni kwamba mtendaji awe mmoja. Sarufi ya kale ya Kaccāyana inalitaja waziwazi inapoeleza miisho ya *-tūna*, *-tvāna* na *-tvā*: wakati uliotangulia, mtendaji yuleyule. Rudi mlangoni kwa Rammaka uone linavyofanya kazi. Budha anajua, anakohoa, anagonga, yote katika sentensi moja. Lakini wanaofungua ni watawa, na hapo mnyororo unakatika: *vivariṃsu kho te bhikkhū bhagavato dvāraṃ*, "watawa wale wakamfungulia Mtukufu mlango", kwa kitenzi kamili cha wingi. Halafu anarudi Budha, na mnyororo mpya unaanza: *assamaṃ pavisitvā paññatte āsane nisīdi*, "akiisha kuingia katika makao yale, akaketi kwenye kiti kilichotandikwa". Kwa hiyo mahali pa kukatia sentensi panafuata zamu za watendaji. Kiambishi chetu cha *-ka-* hakina sharti hili: "akagonga, wakafungua, akaingia" inakwenda moja kwa moja kwa sababu kila kitenzi kinabeba nafsi yake.

Umbo lina mwisho wa pili, *-ya*, na huo ndio unaowapotosha wanaoanza. Asubuhi ya siku ileile tunasoma kwamba Budha *nivāsetvā pattacīvaramādāya sāvatthiṃ piṇḍāya pāvisi*: alivaa, akachukua bakuli na joho, akaingia Savatthi kutafuta chakula cha sadaka. *Ādāya* ni kitenzi, "akiisha kuchukua". *Piṇḍāya*, neno moja tu baadaye, linafanana nalo kabisa kwa mwisho lakini ni nomino *piṇḍa* katika hali ya "kwa ajili ya". Namna ya kutambua ni kutafuta shina. Ukiondoa *-ya* katika *ādāya* unabaki na kiambishi *ā-* na mzizi *dā*, na kitenzi hicho kina yambwa wake hapohapo, bakuli na joho. *Piṇḍāya* haina yambwa, na kamusi itakupa nomino. Katika Kisanskriti *-ya* huenda na vitenzi vyenye kiambishi mbele, na *-tvā* na visivyo nacho, lakini usiitegemee kanuni hiyo hapa: *nivāsetvā* na *pavisitvā* vina kiambishi na bado vimechukua *-tvā*.

*Ādāya* inaonyesha pia kwamba "kutangulia" si lazima kuwe "kwisha". Kuchukua bakuli kulianza kabla ya kuingia mjini, ila bakuli bado limo mkononi anapoingia, ndiyo maana wafasiri wengi huandika tu "akiwa na bakuli na joho". Vivyo hivyo *viditvā*: alijua kabla ya kukohoa, na hakuacha kujua.

Hata sharti la mtendaji mmoja hulegea. Kuelekea mwisho wa hotuba hii inasemwa juu ya mtawa aliyefika mbali: *paññāya cassa disvā āsavā parikkhīṇā honti*. Kisarufi, kiima cha *honti* ni *āsavā*, uchafu wa nafsi, ambao "umekwisha kabisa". Ukilishika sharti kikavu, utasoma kwamba uchafu ndio ulioona kwa hekima, jambo lisilo na maana. Aliyeona ni yule aliyefichwa ndani ya *assa*, "wake": akiisha kuona kwa hekima, uchafu wake umekwisha. Kwa hiyo *disvā* inamfuata mtu ambaye habari inamhusu, hata kama hakuwekwa mahali pa kiima, na kila *-tvā* inayoonekana kukosa mwenyewe itafutiwe kwanza katika maneno kama *assa*, *tassa* au *me* yaliyo jirani.