QR ya bitikoini haikati hela yenyewe

"Nikiskani tu ile QR ya kulipia bitikoini, hela si inakatwa hapohapo?"

Hapana, ile picha haina hela wala haijaunganishwa na mtandao wowote, ni maandishi tu yamechorwa kwa vidoti. Ukiiskani kwa app ya kawaida ya QR utaona kitu kama hiki:

```
bitcoin:bc1qw508d6qejxtdg4y5r3zarvary0c5xw7kv8f3t4?amount=0.0005&label=Duka
```

Neno la kwanza linaiambia simu ifungue waleti, halafu inafuata anwani ya anayelipwa, baada ya alama ya kuuliza ndo kuna kiasi. Waleti inajaza fomu tu, na mpaka wewe mwenyewe ubonyeze kutuma na isaini kwa ufunguo wako wa siri hakuna kinachoondoka. Unaweza hata kubadilisha kiasi, ile ni ombi.

Kiasi kinaandikwa kwa bitikoini nzima, sio satoshi, kile kipande chake kidogo kabisa, kwa hiyo 0.0005 ni satoshi 50,000, na mwenye duka akikosea akaandika amount=50000 basi anakudai bitikoini elfu hamsini, waleti itakwambia tu salio halitoshi. Desimali nayo inaandikwa kwa nukta, koma haikubaliki.

Hatari yenyewe iko kwenye anwani. Herufi za mwisho zinakamata makosa ya kuandika, lakini mtu akibandika stika yake juu ya ile ya duka anwani yake nayo ni halali kabisa, waleti haitashtuka, na ile label=Duka anaandika yeyote anachotaka. Soma anwani kwenye skrini ulinganishe na ya muuzaji, tena sio herufi mbili tatu za mwanzo, bc1q wanayo wengi mno.